Sentensi Moja Kutoka kwa Mwalimu Mwenzako: Namna ya Kuiomba, Kuikata na Kuirudisha

Wengi wetu wa mwaka wa tatu tumeshaanza kuombwa wasifu mfupi. Siyo sivii ya kurasa tatu yenye shule ya msingi uliyosoma. Nazungumzia kile kipande cha maneno 80 hadi 100 kinachochapwa kwenye kijarida cha semina, chini ya makala, au kwenye orodha ya wawezeshaji. Siku hizi waandaaji wengi wanataka ndani yake pawe na kauli moja ya mtu aliyefanya kazi na wewe. Hapo ndipo watu wanapokwama: nimwandikie nani, nimwambieje, na akinijibu nifanye nini na jibu lake?

Makala hii inafuata ombi moja tu tangu mwanzo hadi lilipochapwa. Mwezi Oktoba 2025 niliombwa wasifu wa maneno 100 kwa ajili ya semina ya Desemba ya walimu wanafunzi. Tulikuwa tisa tulioomba kuongoza vipindi, nafasi zilikuwa nne, nazo zilikuwa na nauli na posho kidogo. Kwa mtu ambaye bumu limeshakata, hilo si jambo dogo. Kauli niliitafuta Kilombero, kwenye shule ya kata nilikofanya mazoezi ya kufundisha, ile tunayoiita tipii, kwa wiki nane za Julai na Agosti.

Kauli hii si barua ya mapendekezo

Tuanze kwa kutenganisha vitu vitatu ambavyo tunavichanganya. Barua ya mapendekezo ni ya ukurasa mzima, ina saini, mara nyingi ina mhuri, na anayeiandika anakupima kwa ujumla. Mdhamini ni mtu ambaye jina na namba yake unaziandika kwenye maombi ili mwajiri ampigie akitaka. Ndiyo maana matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanadai wadhamini watatu wanaopatikana. Huko usipeleke nukuu, hakuna anayeisoma. Kauli ya kwenye wasifu ni kitu cha tatu: ni sentensi moja au mbili, inasomwa na watu wasiokujua, na kazi yake ni kusema jambo moja ambalo wewe mwenyewe huwezi kulisema juu yako bila kuonekana unajisifu.

Kwa sababu ni fupi hivyo, haibebi tathmini. Inabeba tukio. Msomaji akikuta “ni mwalimu mzuri, mchapakazi na mwenye nidhamu”, anapita, kwa sababu maneno hayo yanamfaa kila mtu aliyewahi kushika chaki. Akikuta kitu ambacho lazima mtu awe alikuwepo ili akiseme, anasimama.

Hilo ndilo linaloamua umwombe nani. Mazoea yetu ni kukimbilia mwenye cheo: mkuu wa shule, mratibu elimu kata, mhadhiri. Lakini mkuu wa shule yangu aliniona darasani mara mbili, na mara zote alisimama mlangoni. Akiombwa sentensi, atatoa ile ya nidhamu na uchapakazi, kwa sababu hana nyingine. Tena yeye akisema, anasikika kama shule imesema, na hapo anaanza kufikiria mhuri. Mhadhiri aliyekuja kunikagua naye nilimwacha: alama zangu za tipii zilikuwa bado mikononi mwake, na ombi kwa mtu anayekusahihisha linamweka pabaya yeye na wewe. Wanafunzi nao usiwaombe. Ni watoto, na mwalimu akiwaomba wamsifu hawana namna ya kukataa.

Aliyebaki ni mwalimu wa Biolojia na Kemia niliyekaa naye meza moja kwenye ofisi ya walimu. Aliniachia mikondo yake miwili ya kidato cha kwanza, akawa anakaa nyuma ya darasa akisahihisha madaftari huku anasikiliza. Hana cheo chochote. Ila aliona.

Ujumbe wenyewe

Kabla sijaweka ujumbe nilioutuma, tazama namna maombi haya yanavyoandikwa mara nyingi. Nimeyaona kwenye simu za wenzangu, na yanafanana sana:

“Mambo madamu, naomba unipe ushuhuda wako kuhusu mimi kwa ajili ya sivii yangu, chochote tu, haraka kama inawezekana. Asante sana.”

Mwandishi wa ujumbe huu hana nia mbaya, lakini ameacha kazi yote kwa anayeombwa. Kwanza, “mambo” kwa mtu ambaye shuleni ulimpa shikamoo kila asubuhi kwa wiki nane. Huo peke yake unatosha kumfanya aweke simu chini. Pili, neno “ushuhuda”. Kwenye vitabu linafaa, lakini Ifakara, kama mahali pengi kwetu, mtu akiombwa ushuhuda anafikiria kusimama mbele ya waumini, au kwenda mahakamani. Sema “sentensi moja” au “kauli fupi”, ataelewa mara moja ukubwa wa kazi. Tatu, “chochote tu” inasikika kama unamrahisishia, kumbe unamtupia karatasi tupu. Na karatasi tupu ndiyo inayozaa zile sifa za jumla. Mwisho, hajaambiwa itachapwa wapi wala jina lake litakaaje. Mwalimu wa serikali hawezi kukubali jina lake litembee bila kujua linaelekea wapi.

Huu ndio niliotuma mimi, Ijumaa tarehe 10 Oktoba jioni, baada ya saa za kazi:

“Shikamoo Mwalimu. Ni yule mwalimu wa mazoezi wa Biolojia, tulikuwa tunakaa meza moja Julai na Agosti. Natumaini kambi ya kidato cha nne inakwenda salama.

Nimeombwa wasifu mfupi wa maneno 100 utakaochapwa kwenye kijarida cha semina ya walimu wanafunzi mwezi Desemba. Ndani yake kuna nafasi ya sentensi moja kutoka kwa mwalimu aliyefanya kazi na mimi, na ningefurahi itoke kwako. Maneno 15 hadi 25 yanatosha, kuhusu jambo moja uliloliona mwenyewe darasani. Kama itasaidia kukumbuka: kipindi cha viluwiluwi cha kidato cha kwanza, au zile siku tulizogawana kusahihisha madaftari. Hata kwa sauti ni sawa, nitaandika mimi.

Itakaa na jina lako na maneno ‘Mwalimu wa Biolojia, Kilombero’, bila jina la shule. Nitakurudishia uione kabla haijachapwa, na ukitaka kubadili chochote nitabadili. Nawasilisha Ijumaa tarehe 17. Nisipopata neno kufikia Jumatano tarehe 15, nitaelewa muda haukuruhusu, na wasifu utakwenda bila kauli. Ahsante, Mwalimu.”

Nieleze sehemu nne tu, nyingine zinajieleza.

Sentensi ya kwanza inataja meza na miezi. Walimu wa tipii tunapita kila mwaka, na namba yangu huenda hakuihifadhi. Usimfanye mtu aulize “wewe nani?” kabla hujamwomba kitu.

Ile “kama itasaidia kukumbuka” imetaja matukio mawili, lakini haikusema nini kilikuwa kizuri ndani yake. Mpaka hapo ni halali. Ningeandika “ile siku wanafunzi walivyochangamka na kuelewa sana”, ningekuwa nimeshampa jibu, na yeye kwa heshima angenirudishia lile lile. Mkumbushe mahali na siku, hukumu mwachie yeye.

Tarehe ziko mbili. Yangu ya kuwasilisha ni ya 17, yake ni ya 15, na katikati kuna siku mbili za kumrudishia aione. Tarehe 15 sikuichagua hivihivi: tarehe 14 Oktoba ni Siku ya Nyerere, shule zimefungwa, kwa hiyo alikuwa na siku moja ya kupumua kabla ya mwisho. Mwalimu anayekimbizana na kidato cha nne, mtihani ukiwa Novemba, usimpe siku ya mwisho inayoangukia katikati ya wiki ya vipindi.

Na ile sentensi ya kufunga. Vitabu vya kuandika barua vinasema mpe mtu nafasi ya kukataa, mwambie “ukiona haifai niambie tu hapana”. Kwa kwetu hapana haitamkwi kirahisi hivyo, hasa kwa kijana aliyekaa meza moja na wewe. Atasema “tutaangalia”, atasema “usijali”, halafu atakaa kimya na kujisikia vibaya kila akikuona hewani. Kwa hiyo usimwombe aseme hapana. Ufanye ukimya wenyewe uwe jibu, na umwambie mapema kwamba ukimya huo hauna lawama.

Ukishaahidi hivyo, lazima uheshimu. Kukumbusha kunaruhusiwa kwa sababu moja tu: ujumbe haujafika. Ukienda upande wa Mbingu hadi Mlimba mtandao unakuja na kuondoka, na bando nalo linaisha. Kwenye Wasapu ukiona tiki moja mpaka siku ya pili, tuma meseji ya kawaida. Meseji moja inabeba herufi 160, kwa hiyo andika kifupi: salamu, wewe ni nani, “nimekutumia ombi dogo Wasapu”, na tarehe. Ukiona tiki mbili, umeshafika. Nyamaza.

Jibu lilivyokuja

Lilikuja Jumapili usiku, kwa sauti, kama dakika moja na nusu. Nililiandika neno kwa neno kabla ya kugusa chochote, nami nashauri ufanye hivyo, maana ukianza kukata huku unasikiliza utajikuta umeandika yako. Mwalimu ameniruhusu kuliweka hapa bila jina lake. La mwanafunzi nimelitoa mimi:

“Marahaba, hujambo Mwalimu? Huku tupo, kambi ndiyo hiyo, si unajua mambo yenyewe. Sasa hiyo sentensi, mimi ninachokumbuka ni ile siku ya viluwiluwi. Uliwatoa watoto nje, wakachota viluwiluwi na bakuli pale kwenye kidimbwi cha nyuma ya jiko, wakarudi navyo darasani wakaangalia vipi vinalala juu ya maji na vipi vinaning'inia. Yule binti wa dawati la mbele, ambaye huwa haongei kabisa, siku ile ndiye aliyeuliza maswali. Maana huku kwetu maabara yenyewe ni jina tu. Mpaka umeondoka bado wananiuliza, madamu lini tunatoka tena? Na mtihani wao wa mwezi walifanya vizuri kuliko ule wa nyuma. Uliwafundisha vizuri sana, Mungu akubariki.”

Kwa wasiosoma Biolojia: viluwiluwi vya mbu wa Anofelesi, wale wanaoambukiza malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Vya Kuleksi huning'inia kichwa chini, vikivuta hewa kwa kimrija cha mkiani. Tofauti hiyo inaonekana kwa macho kwenye bakuli jeupe. Na bonde la Kilombero, lenye mashamba ya mpunga kila upande, halikosi maji yaliyotuama. Si bure utafiti wa mbu ulijengeka Ifakara tangu miaka ya 1950.

Sasa, katika maneno yale kuna sentensi nne zinazovutia kuliko nyingine, na tatu kati ya hizo hazikupaswa kuchapwa.

Ya kwanza ni ile ya binti asiyeongea. Inagusa, na mwandaaji yeyote angeipenda. Lakini ni mtoto, darasa ni dogo, na hata bila jina wenzake watamjua kwa dawati lake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Hata isingekuwepo sheria, yule binti hakuwa sehemu ya makubaliano yangu na mwalimu wake. Ikatoka. Hapa kwenye makala nayo, dawati nimelibadilisha.

Ya pili ni “maabara yenyewe ni jina tu”. Ni kweli, na ingenipendeza mimi, kwa sababu ingenionyesha nimefanya kazi katika mazingira magumu. Tatizo ni kwamba ingekaa juu ya jina lake. Mimi nimerudi chuoni. Yeye Jumatatu anaingia ofisini kwa mkuu wa shule, na afisa elimu anaweza kukisoma kijarida. Aliniambia mimi kama mtu wa meza moja, hakuwa anatoa tamko. Ukikata kauli ya mtu, jiulize nani atabaki na sentensi hiyo siku ukishapata ulichotaka.

Ya tatu ni ya mtihani wa mwezi. Nilimpigia nikamuuliza kama tofauti ile ilitokana na vipindi vyangu. Akacheka, akasema mtihani wa pili ulikuwa na maswali mengi ya kuchagua, na kabla yake alirudia mada yeye mwenyewe kwa vipindi viwili. Basi. Walifanya vizuri, ndiyo, lakini mimi siwezi kuliweka hilo kwenye wasifu wangu kana kwamba nililileta peke yangu. Alama zikitajwa kwenye kauli ya aina hii, uliza mtihani ulikuwa ule ule au la, na nani mwingine alifundisha. Mara nyingi jibu litakufanya uziache.

Iliyobaki ni ile ya “madamu lini tunatoka tena”. Huyo ni mtu aliyekuwepo. Nikaiunganisha na tukio lenyewe:

“Aliwatoa watoto nje, wakachota viluwiluwi na bakuli, wakarudi navyo darasani wakaangalia … Mpaka ameondoka bado wananiuliza, madamu lini tunatoka tena?”

Ni maneno 19. Nilichobadili ni nafsi tu, “uliwatoa” ikawa “aliwatoa” na “umeondoka” ikawa “ameondoka”, kwa sababu msomaji ni mwingine. Nilikokata, kwenye kidimbwi cha jikoni, maana haikuguswa. Nilikoruka sentensi nzima, niliweka nukta tatu ili ijulikane. Kukata kunaruhusiwa. Kuongeza hakuruhusiwi hata neno moja, wala kuhamisha sifa. “Uliwafundisha vizuri sana” hakuiweka baada ya viluwiluwi, aliiweka mwisho pamoja na baraka. Ukiibeba ukaibandika mbele, umetunga. Na usimsafishie Kiswahili chake. “Na bakuli” badala ya “kwa bakuli” ndivyo alivyosema, na ndivyo inavyosikika kweli.

Kuna anayejibu, “andika tu mwenyewe, mimi nitakubali.” Hii ni kawaida sana kwetu, na siyo uvivu, wengi wanaona wewe ndiye msomi. Usiandike. Mwulize swali moja kwa simu: “Mwalimu, ukiambiwa utaje kitu kimoja nilichofanya darasani, ungetaja kipi?” Atakachosema kwa sekunde ishirini ndiyo kauli yenyewe. Iandike, mrudishie. Asipokumbuka kitu kabisa, basi umeomba kwa mtu asiyekuona, na hata ungeandika nini, jina lake lingekuwa limebebeshwa uzito usio wake.

Kurudisha kabla ya kuchapa

Jumatatu asubuhi nilimtumia kauli ilivyokatwa pamoja na wasifu mzima, siyo kauli peke yake. Sentensi ile ile inaweza kusomeka vingine kutegemea na jirani zake, na mwenye maneno ana haki ya kuona majirani.

Alibadilisha vitu viwili. “Watoto” alitaka iwe “wanafunzi”: kwa mdomo wote tunasema watoto, lakini kwenye maandishi yenye jina lake alitaka lugha ya kazi. Na cheo chake alitaka kiwe “Mwalimu wa Biolojia na Kemia”, kwa sababu ndivyo alivyo. Ningechapa bila kumwonyesha, ningekuwa nimemvua somo moja mbele ya watu.

Kama kijarida ni cha Kiingereza, hatua hii ni ya lazima zaidi, kwa sababu hapo maneno yatakuwa yako na maana yake. Mwalimu akisema “ni mwepesi”, mfasiri anaweza kumfanya msema kasi au msema uzito wa mwili. Mpe tafsiri aisome, na andika kwamba imetafsiriwa kutoka Kiswahili.

Hili la kuchapa maneno ya mtu bila kumuuliza lina historia ndefu. Mwaka 1855 mwandishi mashuhuri wa Marekani, Ralph Waldo Emerson, alimwandikia barua ya pongezi Walt Whitman, mshairi ambaye wakati huo hakujulikana. Whitman akaiachia barua ichapwe gazetini, na mwaka 1856, kwenye toleo la pili la mashairi yake, akaweka sentensi moja ya barua hiyo kwenye mgongo wa kitabu kwa herufi za dhahabu, ikiwa na jina la Emerson. Hakuwa ameomba ruhusa. Sentensi ilikuwa ya kweli na sifa zilikuwa za kweli. Kilichokosekana ni “ndiyo” moja. Wanaosimulia habari za kauli za kusifia vitabu hulitaja jambo hilo hadi leo, na si mara zote kwa heshima.

Wasifu uliokwenda Ijumaa ulikuwa huu. Ni maneno 96 bila kuhesabu jina la mwalimu, ambalo kwenye kijarida lipo na hapa sikuliweka:

“Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya ualimu, masomo ya Biolojia na Jiografia. Mwaka 2025 alifanya mazoezi ya kufundisha kwa wiki nane katika shule ya sekondari ya kata wilayani Kilombero, akifundisha kidato cha kwanza na cha tatu. Huandaa vipindi vya vitendo kwa vifaa vinavyopatikana jirani na shule: bakuli, chupa za maji, maji ya kidimbwi. Mwalimu wa Biolojia na Kemia aliyefundisha naye anasema: ‘Aliwatoa wanafunzi nje, wakachota viluwiluwi na bakuli, wakarudi navyo darasani wakaangalia … Mpaka ameondoka bado wananiuliza, madamu lini tunatoka tena?’ Kwenye semina ataongoza kipindi cha kutofautisha viluwiluwi vya Anofelesi na vya Kuleksi bila hadubini.”

Angalia kauli ilivyokaa. Kabla yake kuna dai langu kwamba natumia vifaa vya jirani, kauli inalithibitisha, sentensi ya mwisho inasema hicho hicho ndicho nitakachokuja kufanya. Kauli ikikaa mwanzo kabisa inasomeka kama tangazo la biashara, na ikikaa mwisho bila kushikana na kitu inaning'inia kama viluwiluwi vya Kuleksi.

Wiki moja baadaye mmoja wa waandaaji aliomba namba ya Mwalimu. Nilimuuliza Mwalimu kwanza, akakubali, nikaitoa. Aliniambia baadaye kwamba aliulizwa kitu kimoja tu: bakuli zilitoka wapi? Akajibu kwamba wanafunzi wa bweni walileta za kulia uji, zikaoshwa kwa sabuni kabla ya jioni. Jibu kama hilo hulipati kwa mtu uliyemwandikia sentensi ya kusaini.

Ruhusa aliyonipa ni ya kijarida kimoja. Nikitaka kuitumia kauli hiyo mahali pengine, nitamuuliza tena, na ujumbe wake utakuwa mfupi: itakaa wapi, lini, na kama bado anaridhika nayo. Nimeihifadhi “ndiyo” yake kwenye simu pamoja na tarehe, na maandishi kamili ya sauti yake nimeyaweka mahali nitakapoyapata mtu akiuliza. Nikishaajiriwa na kufundisha miaka miwili mitatu, kauli hii nitaitoa kwenye wasifu. Itakuwa bado ni ya kweli, ila itakuwa inamzungumzia mwanafunzi wa tipii, na wakati huo patakuwa na mtu mwingine wa meza ya jirani aliyeona kitu kipya.